Nisomeeni kabla sijatuma: barua pepe kwa benki kuomba wanipangie upya mkopo wa biashara ya samaki

#1 BintiMaweni
Assalam aleikum. Nina biashara ndogo ya samaki hapa Malindi. Nanunua kwa wavuvi, nagandisha, nauzia hoteli, mikahawa na mama karanga wanaokaanga samaki mitaani. Mwaka jana nilikopa 1,200,000 za friji kubwa mbili na pikapu iliyotumika. Muda ni miezi 36, riba 18 kwa mia kwa mwaka kwenye salio linalopungua, na rejesho ni 43,383 kila mwezi. Dhamana ni logibuku ya pikapu, na kaka yangu ameniwekea saini.

Nimelipa marejesho 14. La Aprili nilichelewa siku 11. La tarehe 28 mwezi huu wa Mei silioni litakakotoka. Nimeandika hivi:

"Mpendwa Meneja, natumai u mzima. Kutokana na hali ngumu ya uchumi na changamoto zilizo nje ya uwezo wangu, naomba mnifikirie kunipunguzia malipo kwa muda mpaka mambo yakae sawa. Nimekuwa mteja wenu mwaminifu. Natanguliza shukrani."

Inatosha?

#2 Nahodha_Amu
Waaleikum salaam. Dada, kama hukuiba barua yangu basi tumefundishwa na mwalimu mmoja. Mimi nina mashua ya kutembeza wageni Lamu, mkopo ulikuwa wa injini. Niliandika maneno hayo hayo, hali ngumu, changamoto, mteja mwaminifu. Nilikaa wiki 5 bila jibu. Nilipovuka Mokowe kwenda kuuliza tawini, nikaambiwa barua ilisomwa lakini "haikuwa na ombi". Nilikasirika mno siku ile. Baadaye niliisoma tena nyumbani, nikaona kweli sikusema nataka nini.

#3 Mjomba_wa_Barani
Binti, usijisumbue na barua. Nenda kaombe wakuongezee mkopo. Mimi walinipa 300,000 juu ya ule wa zamani, nikalipia madeni, nikapumua. Benki inapenda mtu anayekopa.

#4 BintiMaweni
Mjomba, shukrani, lakini sitaki kuongezewa. Nataka huu nilio nao ulipike.

#5 MzeeDaftari
Nilikaa upande wa pili wa meza hiyo miaka 19, nikishughulikia mikopo ya biashara ndogo Pwani. Nikuambie barua yako inakwenda wapi.

Afisa unayemwandikia hana kalamu ya kuidhinisha. Kazi yake ni kuchukua maneno yako ayageuze kuwa waraka wa kurasa moja au mbili, uende kwenye kamati ya mikopo. Huenda watu wa kamati wako Nairobi na hawajawahi kusikia neno kusi, upepo unaochafua bahari yetu. Watamuuliza: kumetokea nini hasa, kitaisha lini, anaweza kulipa kiasi gani sasa, na kilichobaki atakilipaje. Katika barua yako afisa hana hata sentensi moja ya kunakili. Atafanya nini? Ataiweka kando mpaka apate nafasi ya kukupigia, na nafasi hiyo haipatikani. Yaliyompata Nahodha hapo #2 si ubaya wa mtu. Barua tupu haina mahali pa kwenda.

Neno "mpaka mambo yakae sawa" lifute. Kamati haiwezi kuandika tarehe ya mambo kukaa sawa.

Lililo jema ni kwamba unaandika kabla hujashindwa. Leo hudaiwi rejesho lililopita. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa unahesabiwa kuwa mkopo mbaya, na hapo mazungumzo yanahamia idara nyingine kabisa, ya watu ambao kazi yao ni kukusanya. Tuambie sasa: kwa nini pesa haipo?

#6 BintiMaweni
Kwa sababu ya kusi, mzee. Kuanzia Mei bahari inachafuka, mashua ndogo hazitoki nje ya mwamba. Na hoteli zangu nyingi hufunga baada ya Pasaka. Samaki hakuna, na mnunuzi hakuna.

#7 Kijana_Ngomeni
Mimi ni mvuvi, na hapa sikubaliani. Kusi samaki ni haba, kwa hiyo bei inapanda. Aliye na friji ndiye anayefaidi! Changu tunayokuuzia Januari kwa bei ya kutupa, Juni unaiuza utakavyo. Tatizo si upepo, dada.

#8 BintiMaweni
Bei inapanda kwenu pia ufukweni. Mimi nanunua ghali, na mama karanga hawezi kupandisha bei ya kipande kwa mteja wake wa kila siku. Kinachobaki katikati ni kidogo. Friji nazo hula umeme ule ule zikiwa nusu tupu.

#9 FundiBarafu
Zikiwa nusu tupu, hamishia vyote friji moja, nyingine izime, ioshe, iache mlango wazi. Nimeona watu wengi wanagandisha hewa mwezi mzima. Hilo peke yake haliponyi mkopo, lakini benki wakikuuliza umepunguza nini, una la kujibu.

#10 MzeeDaftari
Fundi amesema la maana. Lakini binti, kusi haikuanza mwaka huu. Swali la kwanza la kamati litakuwa: kusi ya mwaka jana ulilipaje? Maana marejesho yote ya Mei, Juni na Julai mwaka jana yameingia, wanayaona. Ukisema upepo ndio sababu, na mwaka jana upepo ulikuwepo ukalipa, wataona kuna kitu unakificha.

#11 BintiMaweni
Naam. Mwaka jana ilikuwa zamu yangu ya chama, nilipokea 100,000. Na nilichukua mikopo ya simu 35,000, nikaimaliza Oktoba. Mwaka huu zamu si yangu. Tena kuna hoteli moja ilifunga Aprili nikiidai 186,000.

Na kuna lingine, nalisema hapa kwa sababu hamnijui. Friji ya pili sikununua mpya kama nilivyoandika kwenye fomu ya mkopo. Nilinunua iliyotumika, na 150,000 zilizobaki niliwapa wavuvi wawili watengeneze injini, ili samaki wao waje kwangu. Wamesharudisha 90,000 kwa samaki. Je, hilo nalo niandike?

#12 Nahodha_Amu
Usiandike! Wallahi usiandike. Mkataba unasema pesa itumike kwa kazi iliyotajwa. Ukikiri umevunja mkataba kwa mkono wako mwenyewe.

#13 MwanafunziWaSheria
Habari zenu. Msimtie hofu bure. Ukishatuma barua ya kuomba, benki hairuhusiwi kukupeleka CRB, kule zinakotunzwa kumbukumbu za wakopaji. Na kisheria riba haiwezi kuzidi mtaji, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki. Kwa hivyo hata ukikaa kimya deni lina ukomo.

#14 MzeeDaftari
Mwanangu, nusu ya hayo ni kweli. Nusu nyingine inaweza kumchoma mtu.

Barua ya kuomba haisimamishi chochote. Siku zinaendelea kuhesabiwa mpaka makubaliano mapya yaandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili. Haki uliyo nayo ni kwamba benki ikupe taarifa siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya zako. Na CRB si jela ya wadaiwa. Taarifa za wakopaji wote zinakwenda huko, nzuri na mbaya. Marejesho yako yaliyolipwa kwa wakati yako huko pia, binti, na yanakutetea.

Kifungu cha 44A kipo. Lakini kinaanza kufanya kazi mkopo ukishakuwa mbaya, na kipimo chake ni mtaji uliobaki siku hiyo. Yaani salio la 800,000 linaweza kuzaa 800,000 nyingine kabla ya kufika ukomo huo. Huyo si mlinzi wa kumtegemea.

Kuhusu injini za wavuvi, natofautiana na Nahodha. Benki inaona tili yako na akaunti yako. Siku ile zile 150,000 zilipotoka kwenda kwa watu wawili, wameziona au wataziona wakiitisha stetimenti. Jambo likisemwa na mwenyewe, likiwa na hesabu ya kilichorudi, linakuwa maelezo. Likigunduliwa na afisa linakuwa kosa, na hapo hata takwimu zako za kweli zinatiliwa shaka.

#15 Nahodha_Amu
Mzee, wewe unasema hivyo kwa sababu ulikuwa afisa mwema. Si wote. Mimi ningejibu nikiulizwa, nisingejitolea.

#16 MzeeDaftari
Inawezekana. Kuna maafisa ambao ningewaogopa pia.

#17 Mjomba_wa_Barani
Wakati wa korona walipanga upya kwa simu tu! Dakika tano. Kwa nini sasa mambo mengi?

#18 MzeeDaftari
Ile ilikuwa hatua ya dharura ya Benki Kuu. Ilitangazwa Machi 2020 ikaisha Machi 2021. Gharama za kurefusha mkopo zilibebwa na benki zenyewe. Sasa kila mmoja anaomba kwa sababu zake, na huenda akatozwa ada. Binti, uliza ada hiyo ni kiasi gani kabla ya kutia saini.

#19 UstadhShela
Nasikitika hakuna aliyegusa asili ya jambo. Asili ni riba. Benki za Kiislamu zilianza kazi Kenya mwaka 2008. Kwenye murabaha, benki inanunua friji na kukuuzia kwa faida, bei inajulikana siku ya kwanza, na mtu akibanwa akapewa muda, deni haliongezeki kwa sababu ya muda. Dada yangu angekuwa huko asingekuwa na hesabu hii.

#20 BintiMaweni
Ustadh, shukrani, nimelipokea kwa moyo. Lakini mkopo ndio huu, na tarehe 28 inakuja.

#21 MzeeDaftari
Na kuhama benki katikati kunahitaji jina safi. Hiyo ni sababu nyingine ya kulipanga hili kwanza. Ustadh yuko sawa kuhusu murabaha, hilo silipingi.

Sasa hesabu. Binti, chukua daftari lako la mauzo, si kichwa chako. Kila mwezi, baada ya kununua samaki, barafu, umeme, mafuta na mshahara, kinabaki kiasi gani kabla ya rejesho?

#22 BintiMaweni
Nimekaa na daftari usiku kucha. Kaskazi, yaani Novemba hadi Machi, inabaki kama 75,000 kwa mwezi. Aprili, na Agosti hadi Oktoba, kama 40,000. Mei, Juni na Julai kama 14,000. Jumla ya mwaka 577,000. Marejesho ya mwaka ni 520,596. Kwa hivyo mwaka mzima inatosha! Tatizo ni miezi mitatu tu. Nitaomba miezi hiyo nilipe riba peke yake, halafu niendelee na 43,383 kama kawaida.

#23 MamaMahamri
Mwanangu, samahani kuingilia, mimi nauza mahamri na mbaazi, si samaki. 577,000 ukitoa 520,596 zinabaki 56,404. Gawa kwa miezi 12 ni 4,700. Una watoto wangapi? Wanakula 4,700 kwa mwezi?

#24 BintiMaweni
Watatu.

Sikuhesabu ya nyumbani. Natoa kwenye tili kama 15,000 kila mwezi na siandiki.

#25 MamaMahamri
Hata mimi sikuwa naandika. Mwaka wa kwanza nilijiona tajiri kwenye daftari na jikoni hakuna unga. Nilianza kujiandikia mshahara kama ninavyomwandikia msichana anayenisaidia. Hapo ndipo nilipojua biashara yangu inaingiza kiasi gani.

#26 MzeeDaftari
Mama ameona nilichokuwa naelekea kukisema, tena ameona haraka kuliko mimi.

Tazama sasa. 577,000 toa 180,000 za nyumbani zinabaki 397,000. Hiyo ndiyo pesa ya mkopo kwa mwaka, kama 33,000 kwa mwezi. Rejesho lako ni 43,383. Hata kusi isingevuma kabisa, hili rejesho ni kubwa kuliko biashara. Ukiomba miezi mitatu ya riba tu kisha urudi kwenye 43,383, mwakani mwezi kama huu utakuwa hapa tena, na safari hiyo benki itakuwa imeshakusaidia mara moja.

Kwa hivyo una magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake. Rejesho kubwa mno linatibiwa kwa kurefusha muda. Salio baada ya marejesho 14 ni kama 808,000. Ukiligawa miezi 34 badala ya 22 iliyobaki, rejesho linashuka hadi kama 30,500. Hilo kwa mwaka linalipika, ingawa nafasi ya kupumulia ni ndogo. Lakini kurefusha peke yake hakukusaidii mwezi huu, kwa sababu 14,000 hailipi 30,500. Kwa kusi ya mwaka huu, ambayo imekukuta mikono mitupu, unaomba riba tu miezi mitatu. Ni 12,120 kwa mwezi, asilimia moja na nusu ya 808,000.

Kuna gharama. Ukijumlisha, utalipa kama 119,000 zaidi ya ambavyo ungelipa ukiendelea kama sasa. Uiandike kwenye barua kwamba unajua. Afisa akiona mteja ameshaihesabu, hana haja ya kukueleza, na hawezi kudhani utakuja kulalamika baadaye.

#27 Kijana_Ngomeni
119,000! Hiyo ni injini kuukuu nzima. Kwa nini asiuze friji moja?

#28 FundiBarafu
Friji iliyotumika ukiuza Mei hapa Malindi utapewa bei ya chuma. Kila mwenye friji anauza mwezi huu. Novemba angepata mnunuzi, lakini Novemba anaihitaji mwenyewe.

#29 BintiMaweni
Mzee, hata hiyo 12,120 nitaitoa wapi kama 14,000 inaliwa nyumbani?

#30 MzeeDaftari
Hilo ndilo swali la mwisho la kamati, na umejiuliza kabla yao. Hoteli ya 186,000 inasemaje?

#31 BintiMaweni
Meneja wao amekubali kulipa 20,000 kila mwezi kuanzia mwezi huu. Ameniandikia na kupiga muhuri.

#32 Nahodha_Amu
Muhuri wa hoteli iliyofungwa! Dada, mimi ninayo mitatu nyumbani, nimeitundika ukutani.

#33 MzeeDaftari
Nahodha ana haki ya kucheka. Mimi ningeambatisha barua hiyo, lakini hesabu ningeipanga kwa nusu yake, 10,000. Ukiahidi kwa 20,000 na hoteli ikateleza mara moja, umevunja makubaliano mapya mwezi wa kwanza. Mkopo uliopangwa upya ukavunjika ni mgumu kupangwa mara ya pili.

#34 MamaMahamri
Kwa nusu, haitoshi. 14 na 10 ni 24. Nyumbani 15, riba 12. Inapungua elfu tatu.

#35 BintiMaweni
Elfu tatu nitazitoa kwenye umeme wa friji moja, kama Fundi alivyosema. Nimezima jana.

Hii hapa mpya. Ya kwanza nimeitupa.

"Kichwa: Ombi la kupanga upya mkopo wa biashara, nambari ya mkopo iko hapa chini

Bwana Meneja,

Naomba mkopo wangu wa biashara wa 1,200,000 upangwe upya. Nimelipa marejesho 14 kati ya 36. La Aprili nililipa siku 11 baada ya tarehe. Leo sidaiwi rejesho lililopita, lakini la 28 Mei sitaweza kulilipa lote.

Sababu ya kwanza hurudi kila mwaka. Mei hadi Julai upepo wa kusi huchafua bahari, mashua ndogo hazivuki mwamba, na hoteli nyingi ninazouzia hufungwa. Novemba hadi Machi biashara hubakisha kama 75,000 kwa mwezi. Aprili na Agosti hadi Oktoba hubakisha kama 40,000, na Mei hadi Julai kama 14,000. Kutoka humo natoa 15,000 za nyumbani kila mwezi. Kwa mwaka, kinachobaki kwa mkopo ni kama 397,000, na marejesho ni 520,596. Nilipoomba mkopo sikuihesabu pesa ya nyumbani, na hilo ni kosa langu. Kusi iliyopita nililipa kwa 100,000 za chama na 35,000 za mikopo ya simu, ambayo nimeimaliza. Mwaka huu sina zamu ya chama, na sitaki kulipa mkopo kwa mkopo.

Sababu ya pili ni ya mwaka huu. Hoteli moja ilifungwa Aprili nikiidai 186,000. Imeahidi kwa maandishi 20,000 kwa mwezi. Katika hesabu yangu nimetegemea 10,000 tu.

Pia nawajulisha kwamba friji ya pili nilinunua iliyotumika, na 150,000 zilizobaki niliwatangulizia wavuvi wawili kwa injini. Wamerudisha 90,000 kwa samaki.

Naomba nilipe riba peke yake Mei, Juni na Julai, ambayo kwa hesabu yangu ni kama 12,120 kwa mwezi kwa salio la kama 808,000. Kisha salio ligawanywe kwa miezi 34 kuanzia Agosti, kama 30,500 kwa mwezi. Najua nitalipa karibu 119,000 zaidi kwa jumla. Nimezima friji moja ili kupunguza umeme.

Tarehe 28 Mei nitaweka 12,120 kwenye akaunti hata kama jibu halijafika. Naomba kujua ada ya mabadiliko haya, na kama mdhamini wangu anatakiwa kutia saini upya.

Nimeambatisha stetimenti za tili na za akaunti za miezi 14, barua ya hoteli, na picha za daftari la mauzo."

#36 Nahodha_Amu
Ungeniandikia na mimi. Lakini ile ya injini bado naona ungeiacha.

#37 MwanafunziWaSheria
Shukrani kwa marekebisho hapo #14. Nauliza: hiyo 12,120 atakayoweka, si itamlinda?

#38 MzeeDaftari
Haitamlinda kikamilifu. Rejesho la mkataba wa sasa ni 43,383, kwa hiyo zilizobaki zitaonekana ni deni lililopita mpaka wakubali. Lakini inaonyesha anacholipa ni kile kile anachoomba kulipa, na hilo lina uzito mezani.

Hilo la mdhamini ulilouliza ni zuri. Ukirefusha mkopo bila yeye kujua, unampa kaka yako ugomvi na benki, na benki nayo inamhitaji. Mwambie leo, kabla hajapigiwa simu.

Na wakikujibu kwa kukupa mkopo mkubwa zaidi, kama ule wa Mjomba hapo #3, soma vizuri. Wakati mwingine unaitwa kupanga upya, na ndani yake kuna mtaji mpya ambao hukuuomba.

#39 Mjomba_wa_Barani
Mimi bado nalipa ule. Sikusema hilo hapo mwanzo.

#40 UstadhShela
Uiandike kwa Kiswahili hivyo hivyo au kwa Kiingereza? Katiba ya 2010 inasema zote mbili ni lugha rasmi.

#41 MzeeDaftari
Ni haki yake. Lakini waraka wa kamati utaandikwa kwa Kiingereza, na afisa akitafsiri mwenyewe "kusi" itageuka kuwa "hali mbaya ya hewa". Ningetuma zote mbili.

#42 Kijana_Ngomeni
Kusi si hali mbaya ya hewa. Kusi ni kusi.

#43 BintiMaweni
Mpwa wangu ametafsiri, na neno kusi nimemwambia aliache lilivyo, alieleze kwa miezi. Nimempigia kaka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atasaini. Nimetuma saa nne asubuhi.

#44 BintiMaweni
Siku ya tatu. Afisa amepiga simu mwenyewe. Ameuliza mambo mawili: stetimenti za mikopo ya simu kuonyesha imeisha kweli, na majina ya hao wavuvi wawili. Hakukasirika kuhusu injini, lakini amesema lazima aliandike kwenye waraka. Kamati inakaa Alhamisi ijayo.

#45 Nahodha_Amu
Unaona? Injini.

#46 MzeeDaftari
Au ndiyo iliyomfanya apige simu. Hatutajua.

#47 MamaMahamri
Hoteli imeleta ile 20,000?

#48 BintiMaweni
Imeleta 8,000 jana jioni. Wamesema iliyobaki wiki ijayo.